Neno la Shukrani: Nani Ashukuriwe Kwanza?

Katika ratiba ya karibu kila semina ya kina mama ninayoifahamu, mstari wa mwisho kabla ya dua husomeka hivi: "Neno la shukrani, dakika 3." Mbele ya mstari huo mara nyingi huachwa nafasi tupu. Kamati hushughulika kwanza na mgeni rasmi, watoa mada, mchele na viti, na msemaji wa mwisho hutafutwa saa moja kabla ya kufunga. Kwa miaka mingi nafasi hiyo imekuwa ikijazwa kwa jina langu. Mimi ni mwalimu mstaafu, si mtaalamu wa itifaki za serikali, na meza kuu nimeketi mara chache tu, pale alipokosekana mtu. Lakini kwa kusimama mara nyingi mahali hapo nimejifunza kwamba dakika hizo 3 zina kanuni zake, na kwamba zikivunjwa huacha maumivu ambayo semina nzuri ya siku nzima haiwezi kuyafuta.

Niliwahi kuhudhuria semina moja, nikiwa msikilizaji tu, ambayo msemaji wake alitoa shukrani kwa muda wa dakika 20. Alimshukuru mgeni rasmi mara nne. Akazirudia mada zote kana kwamba hatukuzisikia, akaongeza mawaidha yake mwenyewe, kisha akamalizia kwa kusema, "Na wengine wote ambao sikuwataja, tunawashukuru pia." Miongoni mwa hao "wengine wote" walikuwamo wanawake watano waliokuwa jikoni tangu baada ya sala ya alfajiri, wakiwapikia watu zaidi ya 100. Hawakulalamika. Mwaka uliofuata kamati ilipowaendea tena, kila mmoja alikuwa na udhuru. Wapo waliosema ni sadfa. Mimi niliwaona siku ile wamesimama mlangoni, mikono yao ingali na masizi ya masufuria, wakisikiliza kama watatajwa.

Ndugu msomaji, neno la shukrani si hotuba ya mwisho wala muhtasari wa semina. Ni kulipa deni mbele ya mashahidi. Mtu ametoa kitu: muda wake, elimu yake, ukumbi wake, mchele wake au nguvu za mikono yake. Wenyeji wanasimama na kusema hadharani kwamba wamekiona kile alichokitoa. Kwa hiyo kila anayeshukuriwa anastahili mambo mawili tu: atambulike ni nani, na kitajwe kitu kimoja alichokifanya. Kumwambia mtoa mada kwamba mada yake ilikuwa "nzuri sana" hakumwambii lolote, maana hivyo ndivyo anavyoambiwa kila mtoa mada duniani. Mtajie sentensi moja aliyoisema, naye atajua kwamba alisikilizwa.

Ama kuhusu utaratibu wa nani aanze, watu wengi hudhani kwamba ni suala la vyeo, kutoka mkubwa hadi mdogo. Kanuni ninayoifuata ni ile ya nyumba yenye wageni. Mwenye nyumba huanza kwa aliyetoka nje na kumalizia kwa watu wa ndani. Mgeni rasmi huja kwanza, kwa kuwa hakuwa na wajibu wa kuja. Watoa mada hufuata, kwa kuwa ndio walioleta kile tulichokifuata. Kisha wenye mahali, waliotupa ukumbi. Kisha waliochangia mali. Kisha waliofanya kazi. Washiriki hutajwa mwisho, si kwa udogo wao, bali kwa sababu semina yote ilitayarishwa kwa ajili yao, na ukishawashukuru wao ndipo panapofaa kuwaelekeza kwenye dua na safari ya kurudi. Kamati iliyoandaa haijishukuru yenyewe. Nawe msemaji, ukiwa mmoja wa kamati, hujishukuru wala hujisifu kwa taabu ulizozipata.

Ndani ya kila kundi pia pana utaratibu. Watoa mada huwataja kwa mpangilio waliozungumza, si kwa umaarufu. Mpangilio huo umo katika ratiba, kila mtu ameuona, na hapatakuwa na wa kuuliza kwa nini fulani alitangulizwa. Mgeni rasmi akituma mwakilishi, anayeshukuriwa kwanza ni yule aliyekuja na kuketi mbele yetu. Ndipo tumwombe afikishe shukrani kwa aliyemtuma. Nimesikia mara nyingi mwakilishi akikaa mezani huku sifa zote zikielekezwa kwa mtu asiyekuwapo.

Ili haya yaeleweke vizuri, nitaieleza semina moja kama ilivyokuwa. Ilikuwa ya siku moja, mjini Tanga, kuhusu mirathi na wasia. Washiriki walikuwa wanawake wapatao 80, na wengi wao walikuwa wajane. Tulikutana katika ukumbi wa madrasa ya msikiti mmoja. Majina ya watu nitayaacha, nitaje kazi zao tu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilikaa na katibu wa kamati nikiwa na daftari. Kwa kila mtu wa kushukuriwa nilimuuliza mambo matatu: jina lake kamili na namna linavyotamkwa, cheo anachokitumia sasa, na kitu hasa alichokitoa. Maswali haya huonekana madogo, lakini ndimo aibu nyingi hujificha. Katika miji yetu mwanamke hujulikana kwa jina la mwanawe, na ukumbini huwamo kina Mama Asha watatu. Mtu huitwa "Alhaji" kwa mazoea ilhali bado hajajaaliwa kwenda Makka, naye hubaki hajui akanushe au anyamaze. Na ofisa aliyepandishwa cheo mwezi uliopita hutambulishwa kwa cheo chake cha zamani.

Swali la tatu ndilo lililotuokoa safari hiyo. Katibu aliniambia kwamba kilo 15 za mchele zilitolewa na mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Nilimuuliza kama mwenyewe ameridhia kutajwa. Hakujua. Tulimpigia simu, naye akakataa katakata: alitoa kwa siri na alitaka ibaki siri. Kama ningemtaja kwa jina mbele ya watu 80, ningekuwa nimempokonya kitu alichokithamini kuliko shukrani zangu. Wapo wengine wanaopenda kutajwa, na hakuna ubaya kuwataja. La msingi ni kuuliza kabla.

Usiku huo niliandika neno lote isipokuwa sehemu mbili. Niliacha mistari mitupu mahali pa watoa mada, kwa kuwa sikuweza kujua watakachokisema, na mahali pa watendaji, kwa kuwa kazi yao huonekana siku yenyewe. Kipimo changu cha urefu ni upande mmoja wa karatasi ya daftari. Nikiusoma bila kukimbia na bila kukokota, hunichukua muda wa dakika 3 hivi. Niliusoma kwa sauti huku nikitazama saa, nikakata sentensi mbili.

Siku ya semina nilikaa mbele, kalamu mkononi. Sheikh aliyetoa mada ya kwanza alieleza kwamba kabla warithi hawajagawana chochote, hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na kinachobaki ndicho mirathi. Alieleza pia fungu la mke: thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Nilichagua lile la madeni, kwa sababu niliona ukumbi mzima ukiinamia madaftari alipolitaja. Wakili, ambaye ni mwanamke, alisema kwamba kikao cha ukoo hupendekeza tu, na kwamba anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Sentensi hiyo nayo nikaiandika.

Mchana umeme ulikatika. Kijana wa vipaza sauti alikwenda kwa miguu kuazima jenereta, akarudi nayo kwenye mkokoteni kabla wakili hajamaliza kujibu swali la pili. Nilijaza mstari wake. Wasichana wawili walikuwa wamekaa chumba cha nyuma na watoto wadogo siku nzima ili mama zao wasikilize. Hao hawakuwamo hata kwenye orodha ya katibu. Niliwagundua nilipofuata sauti ya mtoto aliyekuwa akilia.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Wakati wa maswali mjane mmoja alisimama, akaeleza jinsi ndugu wa mumewe walivyochukua karatasi za nyumba kabla eda yake haijaisha. Alizungumza kwa utulivu, akaketi. Hakuna kilichoigusa semina ile kama maneno yake. Muda mfupi kabla ya kufunga, mmoja wa wanakamati alinipitishia kikaratasi: "Mtaje kwa jina, ametutia nguvu." Nia ilikuwa njema. Lakini ukumbini walikuwamo wanawake waliooana na familia ileile, na mgogoro ule ulikuwa bado haujafika mahakamani. Yeye aliyasema yake mara moja, kwa hiari yake. Mimi kuyarudia kutoka jukwaani kungeyageuza kuwa tangazo. Nilikikunja kikaratasi, nikaongeza mstari mmoja usio na jina katika shukrani za washiriki.

Kabla sijaitwa nilifanya jambo moja la mwisho. Nilimtuma mtoto jikoni kuwaita wapishi. Wakati wa kufunga, wapishi huwa nje wakiosha masufuria, na shukrani zinazotolewa wakiwa hawapo huwafikia kama habari za kuambiwa. Walipokwisha kusimama ukutani ndipo niliposogea mbele. Mwakilishi wa mgeni rasmi alikuwa amemaliza hotuba yake ya kufunga, na baada yangu ilibaki dua tu. Neno lenyewe lilikuwa hili, isipokuwa kwamba mahali pa majina hapa nimeweka kazi:

"Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Bi Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Naomba niseme neno la shukrani kwa niaba ya kamati.

"Tunamshukuru mgeni wetu, msaidizi wa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa Wilaya, ambaye hakuja kufunga semina tu, bali alikuwa nasi tangu mada ya kwanza. Tunamwomba atufikishie salamu na shukrani zetu kwa Ofisa aliyemtuma.

"Tunamshukuru Sheikh wetu, aliyetufundisha kwamba madeni ya marehemu hutangulia mbele ya warithi. Tunamshukuru wakili wetu, aliyetueleza kwamba ukoo hupendekeza msimamizi, na mahakama ndiyo humteua. Tunakwenda nyumbani na mambo hayo mawili.

"Tunamshukuru Imamu na kamati ya msikiti, walioahirisha masomo ya madrasa leo ili sisi tupate ukumbi. Watoto wamepoteza siku yao ya darasa kwa ajili yetu, nao pia tunawashukuru.

"Tunawashukuru wote waliochangia chakula. Wako walioomba wasitajwe, nasi tumeheshimu ombi lao. Mwenyezi Mungu anawajua.

"Tunawashukuru wapishi wetu watano, wale pale ukutani, waliowasha moto kabla ya jua kuchomoza." Hapa nilitaja majina yote matano, mmoja baada ya mwingine. "Tunamshukuru kijana wetu wa vipaza sauti, aliyeleta jenereta kwa mkokoteni tukaendelea kusikilizana. Tunawashukuru mabinti wawili waliolea watoto wetu chumba cha nyuma. Wao ndio pekee ambao hawakusikia hata mada moja.

"Mwisho tunawashukuru ninyi washiriki, hasa mliotoka Pangani na Muheza, na wale walioamini kwamba hapa ni mahali pa kusemea yaliyo moyoni. Yaliyosemwa hapa kwa uaminifu, tuyahifadhi kwa uaminifu.

"Jazakumullahu kheri. Naomba sasa Sheikh atuongoze katika dua."

Hayo ndiyo yote. Hamkuwamo kisa, utani, wala "sina mengi ya kusema", sentensi ambayo kwa kawaida hutangulia mengi. Sikuahidi semina ya mwakani kwa niaba ya kamati, wala sikumwomba mgeni msaada. Ombi likichanganywa na shukrani, shukrani huonekana kuwa chambo. Wala sikuomba radhi kwa watakaosahaulika, kwa kuwa nilikuwa nimepitia kazi moja moja: nani amefungua mlango, nani amepika, nani ameshika watoto, nani ameleta umeme. Ukizihesabu kazi badala ya kujaribu kukumbuka watu, ni vigumu mtu kukuponyoka.

Watu huuliza kuhusu lile neno la Kiarabu la kumalizia. Wengi hulitamka kwa namna moja kwa kila mtu, na si sahihi. Ukimwambia mwanamume mmoja, ni "jazakallahu kheri". Mwanamke mmoja, "jazakillahu kheri". Kundi la watu, "jazakumullahu kheri". Wakiwa wanawake watupu, husemwa "jazakunnallahu kheri". Ukumbini mwetu walikuwamo Sheikh, Imamu na yule kijana, ndiyo maana nilitumia "jazakumullahu". Kadhalika "itifaki imezingatiwa" ni ruhusa ya kutorudia salamu za vyeo ambazo wasemaji waliotangulia wamekwisha kuzitoa. Si ruhusa ya kutowataja watu wa kushukuriwa.

Baada ya dua nilimwona yule mjane ameketi na wakili kwenye kona ya ukumbi, vichwa vyao vimeinamiana juu ya bahasha. Sikwenda kusikiliza. Nadhani hangebaki kama dakika chache kabla watu 80 wangekuwa wamegeuka kumtazama.

Karatasi yangu nilimpa katibu. Katika wiki iliyofuata alizitumia sentensi zilezile kuandika barua za shukrani kwa mgeni rasmi, watoa mada na kamati ya msikiti. Hiyo ni faida nyingine ya kuandika kwa mahususi: barua inakuwa imekwisha kuandikwa, na haisemi jambo tofauti na lililosemwa hadharani. Kwa wapishi hatukuandika barua. Mwenyekiti alikwenda nyumbani kwa kila mmoja, akakaa, akanywa chai. Ulipofika wakati wa semina nyingine, alikwenda tena kuwaomba. Wanne walikubali papo hapo; wa tano alikuwa na mgonjwa ndani, akamtuma binti yake.